Bendera za Njano

Sheria mpya ilitangazwa Jumatatu asubuhi, na bei ya hisa za kampuni yetu ilikuwa imeshaanguka kabla sisi wa mgodini hatujamaliza chai ya saa nne. Mrabaha, yaani fungu la serikali kwenye mauzo ya dhahabu, ulipanda kutoka asilimia nne hadi kumi. Juu yake, serikali ilijipa hisa kumi na sita kwa mia bila kuzilipia. Madereva walishangilia kwamba hatimaye mali inabaki nyumbani. Mpishi wa kantini akataka kujua kama na yeye ataongezewa kumi kwa mia, akaambiwa aanze kwa kuongeza nyama kwenye mchuzi.

Katika chumba cha mipango, bosi wangu hakushangilia wala hakununa. Alivuta kikokotoo. Tulimwita Shangazi Nukta, kwa sababu angeweza kugombana na mtu asubuhi nzima kwa ajili ya tarakimu moja baada ya nukta. Kazi yangu ilikuwa kukusanya vumbi la mashimo ya baruti, kulipeleka maabara, kisha kuchomeka bendera shimoni kufuatana na majibu. Bendera ya buluu: mwamba una dhahabu ya kutosha, upelekwe kinuni. Nyekundu: ni kifusi, ukatupwe.

"Njoo uone, mama," aliniambia. Alikuwa akiwaita hivyo wanawake wote wenye mtoto mdogo nyumbani, na wangu alikuwa na mwaka na miezi minne. "Jana tani yenye gramu nukta sita sifuri ilikuwa inalipa gharama ya kusagwa. Leo hailipi. Mstari wa kutenga mali na kifusi umepanda hadi nukta sita nne."

Nilimwambia hiyo ni tofauti ndogo mno.

"Ndogo kwenye karatasi. Shimoni tani za namna hiyo zimejaa."

Akanieleza, na mpaka leo sijapata mwalimu mwingine wa kunifungua macho kwa maneno machache hivyo. Zile hisa za bure hazibadilishi mwamba, alisema. Zinakula faida, na faida huhesabiwa baada ya gharama. Zinabadilisha tu ni nani atagawiwa, na mwenye mtaji atasita kuleta mwingine. Mrabaha ni habari nyingine. Unakatwa kwenye mauzo, kabla ya gharama, iwe umepata au umepoteza. Kwa hiyo mwamba uliokuwa mali kwa ncha ya ukucha unageuka kifusi bila kuguswa na mtu. Awamu ya tatu ya shimo, upande wa magharibi, ilikuwa imejengwa juu ya mwamba wa namna hiyo. Ikiondoka, mgodi ungefungwa mwaka wa nane badala ya wa kumi na mbili.

Sikuuliza zaidi. Baba watoto wangu aliendesha lori kwenye awamu hiyo hiyo, akiondoa udongo wa juu. Mtoto wetu alikuwa akiita kila lori analoliona "baba", hata la takataka.

Alhamisi meneja alishuka na agizo la makao makuu. Mwamba wote ulio kati ya nukta sita sifuri na nukta sita nne uende kwenye kifusi, na awamu ya tatu isimame. Thamani ya mgodi, alisema, imeshuka thelathini na tano kwa mia. Wenye benki wanataka kuona tumebana matumizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda wiki ile.

Shangazi Nukta alimwomba kitu kimoja: mwamba huo uwekwe peke yake, kwenye uwanja mtupu nyuma ya kinu. Meneja akasema uwanja uko mbali zaidi na dizeli haiokotwi.

"Mwamba ukifukiwa chini ya kifusi, hakuna atakayelipa kuufukua," alijibu. "Bei ikipanda, au sheria ikirekebishwa, tutakuwa tumejizika wenyewe. Nimeshahesabu dizeli, na gharama ya kuusomba mara ya pili."

"Na visipotokea vyote viwili?"

"Basi nimekosea, na jina langu liko kwenye karatasi."

Meneja aliitazama ile karatasi. Alimpa miezi sita, akamwambia bila kificho kwamba baada ya hapo ataandika barua ya kumwachisha kazi kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi akashukuru, kana kwamba amepewa likizo.

Ndipo zikaja bendera za njano. Nilizishona mwenyewe kwa kitambaa cha mapazia. Madereva walicheka, wakauita uwanja ule "makaburi ya Nukta". Lakini kila lori lililomwaga pale lilikuwa na namba, tani na majibu ya maabara, na kila jioni kabla ya kengele ya kutoka kazini Shangazi alipita kwenye lundo na daftari lake. Baba watoto alihamishiwa huko kwa mkataba wa mwezi hadi mwezi. Nyumbani tuliacha kuzungumzia kiwanja tulichotaka kununua.

Mwezi wa tano wa ile miezi sita alikuja afisa wa wizara, mwanamke mnyamavu mwenye viatu vilivyopakwa rangi vizuri. Wizarani waliamini kwamba kampuni inatishia tu. Meneja alikuwa ameandaa picha za ukutani, lakini Shangazi aliomba wote watoke nje. Akampa mgeni buti zangu, akampandisha juu ya lundo.

"Dada yangu, hapa umesimama juu ya mrabaha wenu," alisema. "Kumi kwa mia ya mwamba uliolala ni sifuri. Sisemi kumi ni nyingi. Bei ikiwa juu, chukueni kumi, mnastahili, dhahabu ni ya nchi. Bei ikiwa chini, shusheni hadi tano, mwamba huu usagwe, watu wabaki kazini."

Meneja akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Shangazi akamgeukia.

"Na wewe, kaka, usiwaambie wenye benki kwamba yote thelathini na tano ni ya serikali. Nimeipiga hesabu upya. Ishirini ni mrabaha. Kumi na tano ni woga: mmeipunguza thamani ya pesa ya mwaka wa kumi kana kwamba nchi hii itabadilisha sheria kila Jumatatu."

Tabasamu likaondoka. Afisa aliomba daftari. Akasoma akiwa amesimama, ukurasa hadi ukurasa, akichagua lori moja hapa na jingine pale, na mimi nikimtafutia bendera yake. Zote tuliziona. Aliondoka na nakala ya daftari, na vumbi langu kwenye soksi zake.

Kanuni mpya ilifika siku tisa kabla miezi sita haijaisha. Mrabaha ungepanda na kushuka kwa ngazi, kufuata bei: tano chini kabisa, kumi juu kabisa. Hisa za serikali zilibaki. Bei ya siku ile iliangukia ngazi ya tano. Kwa kikokotoo cha Shangazi, hata ukijumlisha kusomba mara mbili, zaidi ya nusu ya lundo ilistahili kinu. Iliyobaki ingesubiri bei ipande.

Makao makuu waliandika kwamba thamani imerudi, ingawa si yote. Woga hauondoki kwa barua moja. Awamu ya tatu ilirejeshwa kwenye mpango, ianze na nusu ya malori. Lori la baba watoto lilikuwamo.

Meneja alikuja chumba cha mipango na karatasi ya ile barua ya kumwachisha kazi mkononi, tupu, haijaandikwa. Akaiweka mezani kwa Shangazi Nukta. Shangazi akaigeuza upande wa pili, akaanza kupiga hesabu.

"Mama," aliniita bila kuinua macho, "tutahitaji kitambaa kingine cha njano."