Bango la Kwanza

Mzee Brashi alikuwa na jicho moja tu la kumlisha. La kushoto lilizimika ujanani kwa cheche ya kuchomelea, na tangu hapo la kulia ndilo lililoandika mabango ya nusu ya maduka ya mji. Kwa hiyo asubuhi ile, aliposema kwamba tangu jana anaona vimulimuli na sasa kuna pazia jeusi linapanda kutoka chini, hakuna mtu nyumbani aliyemaliza chai yake.

Mwanawe wa kwanza, ambaye wote humwita Kaka Mkubwa hata wanaomzidi umri, si mtu wa kukaa akikuna kichwa. Aliandika kwenye simu "hospitali bora ya macho", akabonyeza jibu la juu kabisa, akapewa miadi ya asubuhi hiyohiyo, akamtia baba yake garini. Walipokwama kwenye foleni ndipo alipompigia dada yake ofisini, akamweleza habari za pazia. Huyo ni Kitindamimba, wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kubisha.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Tumeshapata kliniki. Ya kwanza kabisa, nyota tano zote."

Kitindamimba alizijua nyota hizo. Kazi yake ilikuwa kuzipandisha kurasa za wateja ili mtu akitafuta kitu mtandaoni azikute juu. Nyumbani kazi hiyo waliita kucheza na kompyuta. Wiki ile alikuwa amepandisha duka la magodoro hadi ukurasa wa kwanza, na hajawahi kulalia godoro lao hata moja.

"Kaka, hapo kwenye jina la kliniki pana neno dogo. Nisomee."

"Limeandikwa 'Tangazo'. Kwani kuna ubaya?"

"Nafasi hiyo imelipiwa. Wenye biashara hushindana kwa dau, na anayelipwa ni mwenye mtandao. Hakuna aliyewauliza wamepasua macho mangapi."

"Basi twende ya pili."

"Ya pili nayo ni tangazo. Za chini yake hazikulipia nafasi, lakini zimepandishwa na watu kama mimi. Tunapanga maneno ambayo watu hutafuta, tunaomba kurasa nyingine zitutaje, tunawahimiza wateja waweke nyota. Kazi nzuri inaweza kusaidia kidogo, lakini si hiyo tu inayokupandisha."

"Kwa hiyo kila kitu ni uongo? Nimpeleke baba kwa mganga?"

"Sijasema uongo! Nasema bado hatujui. Nipe muda nipige simu, na ukifika njia panda usikate kona kabla sijakupigia."

Alikata simu, akaipigia kliniki ile. Hakuuliza kama ni wazuri, maana nani atajibu kuwa ni mbaya? Aliuliza leo nani anayepasua retina, ule utando wa nyuma ya jicho ambao, alivyowahi kusoma, ukiachia mtu huona pazia. Dada wa mapokezi, mpole na mkweli, alijibu kwamba wao ni wa miwani na mtoto wa jicho. Daktari wa retina huwatembelea mara moja kwa mwezi. Mzee angeonwa, angeandikiwa matone na kupangiwa siku.

Kitindamimba alishukuru, akakata simu. Ile haikuwa kliniki mbaya. Ilikuwa kliniki ya kitu kingine, na neno "bora" lilikuwa limeziba pengo hilo.

Safari hii hakuandika "bora". Aliandika ugonjwa wenyewe: pazia jichoni, retina kuachia, upasuaji wa dharura. Akaruka matangazo. Chini yake akakuta orodha ya hospitali kumi bora, akashuka moja kwa moja hadi mkiani, mahali ambapo yeye mwenyewe huwaficha wasomaji mambo. Maandishi madogo yalisema kwamba waliotajwa huchangia gharama za ukurasa. Orodha ya pili ilikuwa na sentensi zilezile na nambari ileile ya simu. Akazifunga zote mbili.

Simu ikalia. "Tumekaribia njia panda," Kaka Mkubwa alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya mtu wa vitendo. "Baba anasema pazia limepanda, haoni tena magoti yake."

"Bado anasoma?"

"Anasoma nambari ya gari la mbele."

"Aendelee kusoma!"

Aliacha kutafuta, akaandika mwenyewe anwani ya baraza la madaktari, wanakosajiliwa wote, wenye matangazo na wasio nayo. Mabingwa wa retina mkoani walikuwa watatu. Wa mjini alikuwa mmoja tu, wa hospitali ya rufaa ya serikali, upande wa pili wa mji. Alipoitafuta hospitali hiyo pamoja na neno "retina", idara yake ya macho ilijitokeza ukurasa wa tatu. Ilikuwa na picha ya jengo kuukuu, na nambari ya simu iliyopigwa picha badala ya kuandikwa, kiasi kwamba mashine ya kutafutia haikuweza kuisoma. Mteja wake angekuwa na ukurasa kama huo angemcheka. Hata hivyo hakuwaamini kwa sababu tu ya unyonge wao, maana kuwa chini nako si cheti. Akapiga, akauliza swali lilelile.

"Anapasua leo," muuguzi alijibu. "Mgonjwa bado anaona katikati? Basi mleteni sasa hivi. Asile wala asinywe chochote."

Kaka Mkubwa alipoambiwa alipandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa woga mtupu. "Hospitali ya ukurasa wa tatu? Kliniki naiona hapa kushoto, inang'aa! Nikigeuza na ukawa umekosea, jicho la baba liko kwenye shingo yako?"

Kitindamimba alijua hilo. Lingekuwa kwenye shingo yake kweli.

Ndipo Mzee Brashi, aliyekuwa akisoma nambari ya gari la mbele kama mtu anayesali, akakohoa.

"Hilo tangazo limelipiwa na nani?"

"Na kliniki yenyewe, Baba," Kitindamimba alisema kwenye spika ya simu.

"Mtaa mmoja nimeandikia vinyozi wanne 'Kinyozi Bora Mjini'. Wote wanne. Yupo aliyenichana sikio wiki ileile." Akamgeukia mwanawe. "Bango husema anachotaka anayelipia rangi. Kata kulia, dashibodi nayo inazama."

Kaka Mkubwa akakata kulia.

Mzee alipasuliwa jioni hiyo. Daktari alitoka akiwa amechoka, akasema retina ilikuwa imeachia hadi ukingoni mwa katikati, na kwamba angeletwa kesho wangekuwa wanazungumza mengine. Kaka Mkubwa alikaa chini palepale sakafuni akalia, na dada yake akamwacha alie.

Jichoni waliweka kiputo cha gesi cha kuishikilia retina, kwa hiyo mzee aliamriwa kulala kifudifudi. Kesho yake Kitindamimba alijilaza chini ya kitanda ili waongee uso kwa uso.

"Waniona, Baba?"

"Naona ukungu wenye domo. Lazima ni wewe." Kisha akaongeza: "Miaka yote nauliza unafanya nini kwenye kompyuta. Kumbe umerithi. Mchora mabango."

Kitindamimba alicheka, machozi yakamtiririkia masikioni.

"Pale getini hawana hata kibao," mzee aliendelea. "Kaka yako aliipita mara mbili. Nikipona nitawaandikia, bure."

"Utaandika nini? Hospitali Bora?"

"Thubutu! Mshale, na chini yake MACHO. Mwenye shida atauliza mwenyewe."