Utani wa Makaburini Wasomwa Ng'ambo

Siku waliyomzika mama yake Kasimiri kule Kinole, Mwalimu Nasibu alilala chali katikati ya njia ya makaburini, na suti yake ya kazini, akawazuia wabeba jeneza. Nasibu ni Mnyamwezi, mtani wa Waluguru, na mtani msibani haombwi adabu. Alisema hapiti mtu mpaka aletewe jogoo na mkungu wa ndizi. Alisema marehemu kaamua kufa ili apumzike kupanda vilima. Kisha akatoa la mwisho: “Mama kamsubiri binti wa ng'ambo miaka sita. Alipoona ndege haishuki, akapaa mwenyewe.”

Watu walicheka. Kasimiri mfiwa alicheka na machozi yanamtiririka, na Kristina, rafiki wa familia ile tangu utoto, alicheka mpaka akakaa chini. Jogoo akaletwa. Nasibu akajipangusa vumbi, akaingiza bega lake chini ya jeneza na kulibeba hadi kaburini. Ndivyo mtani alivyo, anakuchokoza halafu anakubebea mzigo.

Balaa lilianza siku ya nne, kwenye blogu.

Soko huria lilikuwa limeshatuletea kila kitu Morogoro, mitumba ya marobota, simu za mkononi, na sasa kafe za intaneti ambako unanunua nusu saa na robo yake unaimaliza ukisubiri ukurasa ufunguke. Nasibu alikuwa na blogu yake humo, akiandika habari za mji na milima. Watu wa Morogoro waliotawanyika duniani waliisoma kama barua ya nyumbani. Kristina alifundisha naye shule moja mwaka wa tisa sasa, na kila adhuhuri walikula meza moja, wakiibiana nyama.

Alasiri hiyo Kristina alifungua blogu akakuta habari ya mazishi. Picha ya mlima, maneno mawili matatu ya pole, kisha utani wote ulivyokuwa, na ule wa ndege ukafunga kazi. Chini yake maoni kumi na moja. Saba ya mwanzo yalikuwa vicheko vitupu. Wa nane hakujitaja jina: “Mwalimu mzima huna haya. Funga blogu yako.” Nasibu alikuwa ameshamjibu kwa ukali kwamba asiyejua utani anyamaze, na mwingine akaja kumuunga mkono kwa kicheko kirefu zaidi. Oni la mwisho lilikuwa fupi.

“Nimesoma. Asanteni kwa taarifa. Rose.”

Rose ndiye binti wa ng'ambo, ndugu yake Kasimiri. Alikuwa Uingereza akiwatunza wazee wa watu, na karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka. Angekuja kuzika, asingeruhusiwa kurudi. Kasimiri alikuwa amemwambia tu kwenye simu kwamba mama kapumzishwa salama, salio likaisha. Kwa hiyo haya ndiyo masimulizi ya kwanza Rose aliyoyapata ya mazishi ya mama yake, kwamba mama alimngoja akachoka, na kijiji kizima kikacheka.

Alimpigia Nasibu. Simu imezimwa, mgao wa umeme ulikuwa umeukamata mtaa wake tangu alfajiri. Jambo la namna hii Kristina angependa kulisema pembeni, wawili tu. Lakini Rose angeweza kuufungua tena ukurasa ule wakati wowote, na kimya cha watu waliokuwepo msibani kingehesabika pamoja na vile vicheko. Akabonyeza mahali pa kuandika maoni.

“Nasibu, hapa umekosea,” aliandika. Akafuta. Yule wa nane alishasema hivyo, na jibu alilopata liko pale. Ukimbana Mnyamwezi mbele ya hadhira, anageuka wakili wa kosa lake.

“Najua ulikuwa unatania, lakini…” Akafuta tena. Miaka yote ya kusahihisha insha ilikuwa imemfundisha kwamba mwanafunzi akishaona neno “lakini”, sifa zote zilizotangulia hazioni.

Akafikiria kuandika kwamba Rose ameumia. Hilo nalo akaliacha. Rose hakusema ameumia, na si haki kumvua mtu nguo ili kumfundisha mwingine. Angesema ya moyo wake tu. Aliandika polepole, dakika zikiyoyoma:

“Mtani wangu, mimi nilikuwepo na nilicheka kukushinda wewe. Pale tulikuona umelala kwenye vumbi, na tulikuona ukibeba jeneza. Leo nimesoma ule wa ndege hapa, bila uso wako na bila bega lako, ukanichoma. Nimewaza anayeusoma akiwa mbali, peke yake, bila mtu wa kumshika mkono. Najua hukukusudia hivyo, maana nakujua. Wewe ulisikia mengi siku ile ambayo sisi hatukuyasikia. Ukipata nafasi, tusimulie na hayo. Kristina.”

Aliisoma mara mbili. Hakuna “futa”, hakuna “omba radhi”; hayo angeyaona mwenyewe au asiyaone. Akatuma. Kisha hofu ikamwingia. Rafiki wa miaka tisa hapatikani dukani, soko liwe huria namna gani.

Kesho yake adhuhuri Nasibu hakuja mezani. Kristina alikula peke yake, nyama zote zake, na hazikuwa na ladha. Saa tisa alimkuta amesimama nje ya ofisi ya walimu.

“Umeniandikia mbele za watu,” alisema Nasibu.

“Nilikupigia, simu haikupatikana. Kama nimekuumiza, mtani, niwie radhi kwa hilo. Maneno yenyewe siyarudishi.”

“Nimeyasoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta uliponitukana ili nikujibu. Sikupaona.” Alitazama viatu vyake. “Mtani ukimchokoza, naye anakurudishia, ndiyo ngoma yenyewe. Kasimiri alinirudishia palepale, akaniita mchukuzi wa pembe, tusi la kale kwa babu zetu wabeba pembe za ndovu. Sasa Rose angenirudishia wapi, Kristina? Nimempiga mtu aliyefungwa mikono.”

Kristina alimpenda sana wakati ule, akashindwa kumwambia. Alimwambia tu, “Twende.”

Kule kafe, Nasibu aliuondoa ule wa ndege, akaandika wazi kwamba ameuondoa na kwa nini, asije mtu akadhani haukuwahi kuwepo. Kwa yule wa nane aliandika: “Pole kwa ukali wangu wa jana. Nami ningeweza kusema kwa upole.” Halafu akasimulia. Kwamba usiku wa matanga kina mama walikesha wakitaja dawa ambazo Rose alituma, na jinsi mama alivyomwonyesha kila mgeni picha ya binti akiwa na koti la baridi, akisema huyu ndiye anayenipa pumzi. Kwamba jeneza lilikuwa jepesi, na mteremko ulikuwa mkali, na waliokuwa mbele walilibeba kwa mabega yaliyoinama ili mama asitikisike. Kwamba Kasimiri, baada ya kutupa mchanga wake kaburini, alitupa wa pili kwa mkono wa kushoto, akasema, “Huu wa Rose.”

Kristina hakuwa ameliona hilo. Alikuwa nyuma, kwenye kundi la wanawake. Alilia pale kwenye kiti cha kafe bila kujificha, na Nasibu akalipa nusu saa nyingine.

Dakika chache kabla haijaisha, oni jipya lilitokea.

“Nasibu, wewe mchukuzi wa pembe, jogoo uliyemla alikuwa wangu, nikija utamtapika. Nimesoma mpaka mwisho. Sasa na mimi nimezika. Rose.”