Vidonge Saba Juu ya Karatasi

Huyu mama alikuwa na mimba ya miezi sita, anaanua nguo uani, akasikia ndani kimya. Mliolea mnajua: mtoto wa miaka miwili akinyamaza, kuna jambo. Akaingia mbiombio na tumbo lake. Bonge, walivyomwita kwa yale mashavu, kakaa sakafuni chumbani, midomo myekundu kama kapaka rangi. Kopo la vidonge vya kuongeza damu liko chali pembeni.

"Mama! Njoo mama!"

Mama mkwe akatokea na mwiko mkononi. "Haa! Mtie kidole atapike!"

Lakini mama mtoto keshapiga simu, ile namba ya watu wa sumu iliyoandikwa nyuma ya kadi ya kliniki. Akaiweka kwa sauti kubwa. Akapokea mfamasia mmoja, mtulivu utadhani anauza sabuni.

"Usimtapishe, dada. Wala usimpe kitu chochote. Anapumua vizuri? Ana kilo ngapi?"

"Kumi na mbili. Anacheka tu hapa."

"Sawa. Nipigie picha. Kopo kwanza, lebo yote isomeke. Halafu vidonge vilivyobaki, vyote, vipange kwenye karatasi nyeupe. Tafuta hadi chini ya kitanda."

Mkwe akapiga magoti na umri wake wote, akatambaa chini ya kitanda, akatoka na viwili. Kimoja kilikuwa kimelambwa hadi kimekuwa cheusi, maana juu vinapakwa sukari nyekundu, mtoto ataacha? Mama akavipanga juu ya karatasi. Saba. Akapiga picha ya kwanza, ukungu mtupu. Ya pili, kivuli cha kichwa chake. Ya tatu akaegemeza viwiko kitandani, akabana pumzi, ndiyo ikatoka. Akageuza kopo, akapiga na upande wenye tarehe. Akatuma.

"Zimefika," mfamasia akasema. "Kila kidonge kina miligramu sitini za chuma. Ulipewa thelathini, siku ishirini zilizopita. Vimebaki saba. Umekuwa ukimeza kimoja kila siku?"

Mkwe kasimama pale pale, mikono kiunoni. Huyu bibi ndiye aliyekuwa akimletea kikombe cha maji kila jioni. Anauliza, "Umemeza?" Naye anajibu, "Nimemeza, mama." Wakwe wa namna hiyo wako, mapenzi yao kama askari.

"Ndiyo," mama akasema. "Kila siku."

"Basi kameza vitatu. Kwa kilo zake hivyo havitishi, mnaweza kubaki naye nyumbani, nitawapigia kila baada ya muda kujua hali yake."

Mkwe akashusha pumzi, akaketi kitandani. Mama naye alitamani kuketi. Bonge kamrushia kiatu, anacheka. Mama akamtazama yale mashavu. Vile vidonge vilimchafua tumbo vibaya, akawa anakunywa maji tu, kidonge anakirudisha koponi mkwe akigeuka.

"Kaka, ngoja. Nimesema uongo."

Mkwe akainua kichwa.

"Nilimeza siku kumi na moja tu. Nikaacha."

"Basi kameza kumi na viwili," mfamasia akasema, na ule utulivu wa muuza sabuni umemtoka. "Dada, chukueni gari sasa hivi, nendeni hospitali kubwa. Beba kopo na hivyo saba. Chuma kikizidi kinachoma tumbo, kinaingia kwenye damu. Akiendelea kucheka msidanganyike, mtoto huonekana yuko sawa kwanza, halafu hali hugeuka. Nawapigia hospitali na kuwatumia picha zako."

Kwenye teksi mkwe kambana Bonge kifuani, anatazama mbele. Njiani mtoto akatapika, matapishi mekundu-mekundu, mama akafuta kwa kitenge huku machozi yanamtiririka.

Hospitali walikuta picha zimeshafika, daktari anawangoja mlangoni. Wakampiga Bonge picha ya tumbo. Daktari akawaonyesha vidoa vyeupe tumboni, vidonge bado vimelala humo. Wakampitishia mpira puani, wakamsafisha utumbo kwa maji ya dawa hadi vikatoka, wakampa na dripu ya kukamata chuma. Bonge akapiga kelele wodi nzima ikamjua jina.

Asubuhi daktari akaja na karatasi ya vipimo. "Chuma kinashuka. Mngebaki naye nyumbani, sasa tungeongea mengine."

Akaenda. Mkwe akakohoa. Neno la kwanza tangu jana.

"Vinakuchafua tumbo kiasi hicho?"

"Sana, mama. Nisamehe."

"Ungeniambia, we mtoto. Kwani mimi nilivimeza? Mimba zote tano nilikuwa navitupa chooni, baba mkwe wako asijue."

Mama akacheka na kulia pamoja. Bonge akaamka, akaukamata ule mpira wa puani kwa mikono miwili, wakamrukia wote wawili.