Kisigino cha Mideva

Mwaka 2022, msimu wa mvua za masika, mjukuu wangu Mideva alirudi Jumatatu akichechemea. Viatu vipya vilikuwa vimemtia lengelenge kisiginoni, na Jumapili alitakiwa kuandamana na kwaya yake mjini Kakamega.

Wifi yangu Muhonja alichuma mwiba wa mlimau. "Tulitumbue, tuikate ngozi. Tukiliacha hivyo, hatatembea. Akitembea, nakupa kuku!"

"Tupa mwiba, wifi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia vijidudu."

Nilikiosha kisigino kwa maji na sabuni, nikakifunika kwa bandeji safi, na Mideva akavaa ndala. Lengelenge likanywea lenyewe, bila usaha.

Jumapili aliandamana akiimba, amevaa soksi nene na viatu vyake vya zamani.

Jioni Muhonja alinikabidhi jogoo. "Shika, mwalimu, umenifunza. Ila tukimla, shingo ni yangu!"