Presha Nne

Ngumi ya kwanza ilimpata mtunga programu kabla hajainuka kitini. Ya pili ilimlaza juu ya kibodi. Aliyempiga ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mwangalizi wa boila katika kiwanda cha kufulia nguo. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwikoni, na huo mwingine ulimtosha.

"Shemeji, nisikilize," alisema mtunga programu, damu imemjaa mdomoni. "Si wewe uliyelalamika simu inazima saa sita mchana?"

Kweli shemeji alilalamika. Kile kidirisha alichotengenezewa, cha kuonyesha presha ya boila kwenye skrini ya mwanzo, kilikuwa kinaiamsha simu kila dakika kuuliza namba mpya, na betri ikateketea. Mtunga programu akakibadilisha kiulize kila nusu saa, chaji ikadumu mpaka jioni, wakapongezana. Dawa yenyewe aliijua: seva, ile kompyuta inayopokea namba kutoka kwenye boila, ndiyo iiamshe simu, pale tu presha inapobadilika. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya wiki nzima, naye akaona uvivu. Hata ule mstari wa kuonyesha namba imefika saa ngapi aliufuta, eti unaharibu sura, ingawa kidirisha kisipopata namba mpya huiacha ile ya zamani.

Shemeji alimkaba koo, akamsogezea simu mpaka pua ikagusa kioo. Betri asilimia themanini. Presha nne, kwa rangi ya kijani.

"Soma."

"Nne."

"Boila lilipasuka jana asubuhi," alisema shemeji, akikaza vidole. "Mwenzangu tumemzika leo. Soma tena."