Marekebisho Yangu Yaandikwe ya Kwanza

Yule Eufrazia sikumpenda tangu siku ya kwanza alipoketi kando ya mume wangu. Chama chetu cha wakulima wa mboga huku Mgeta kilikuwa na katibu wake, mzee Fransisko, maskini ya Mungu, kazi yake kukohoa na kuandika tu. Alipostaafu, wakatuletea huyu binti wa mjini, wa Mwembesongo, kucha zimepakwa rangi, sauti laini utadhani anabembeleza mtoto. Mume wangu Luqmani ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti na katibu hukaa meza moja, najua, ndivyo ilivyo kila mahali. Lakini ni lazima wainamiane vile? Kila mara "mwenyekiti, samahani," na Luqmani anasogeza sikio. Mimi nikimwita nyumbani, sikio hilohilo halisikii.

Sasa sikia. Kwenye mkutano mkuu wa masika, Severin alitoa hoja kwamba chama kijenge banda la kukusanyia mboga, na banda hilo lijengwe Mlanda. Mlanda ndiko kwake, bila shaka. Sisi wa Lukuyu tuko juu kabisa. Kabichi zetu tunazishusha kichwani kwa njia inayoteleza, na goti langu la kushoto limeshakataa kazi hiyo. Banda likijengwa Lukuyu, gari la chama litalazimika kutufuata huko juu. Nililitaka lile banda kama mgonjwa anavyotaka maji.

Nikaandika marekebisho ya hoja: jina la mahali lifutwe, liwekwe Lukuyu. Mwaisha, jirani yangu, akaniunga mkono. Kumbe mzee Thobias wa Kibaoni naye ana yake: jina la mahali lifutwe, liwekwe Kibaoni, kando ya barabara. Utaratibu wetu ni kwamba marekebisho hupigiwa kura kwanza, moja baada ya jingine, kisha ndipo hoja yenyewe ipigiwe kura pamoja na mabadiliko yaliyopita. Karatasi ya Thobias ilikuwa imetangulia kufika mezani. Nikamwona Eufrazia anamnong'oneza Luqmani kwamba waanze na ya mzee. Midomo yake ilikuwa karibu na shavu la mume wangu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Yangu kwanza!" nikasimama.

Luqmani sauti hiyo anaijua. Akakohoa, akasema haya, tuanze na ya Lukuyu. Mikono ikapanda, yakapita. Yakafuata ya Thobias, mikono ikapanda, nayo yakapita. Usishangae. Watu wetu wana haya, ukiwaomba mkono wanakupa, na anayekufuata akiomba wanampa naye. Halafu Luqmani akauliza, "Hoja kama ilivyorekebishwa, wanaokubali?" Hakuisoma. Pilau ilikuwa inanukia hadi ndani, nani angemkumbusha? Mikono yote juu. Sisi wa Lukuyu tukapanda kwetu tunajua banda ni letu, na wa Kibaoni wakaenda kwao wanajua ni lao.

Mkutano uliofuata ukaanza, kama kawaida, kwa kuthibitisha muhtasari wa ule uliopita. Eufrazia akasimama, gauni jipya, akausoma.

"Marekebisho ya kwanza, yaliyotolewa na ndugu Thobias, kwamba mahali pawe Kibaoni, yalipigiwa kura yakapita. Marekebisho ya pili, yaliyotolewa na bibi Mwanvita, kwamba mahali pawe Lukuyu, yalipigiwa kura yakapita. Hoja kama ilivyorekebishwa, kwamba chama kijenge banda la kukusanyia mboga Lukuyu, ilipita."

Wanawake wa Lukuyu wakapiga vigelegele. Mwaisha akanikumbatia. Mzee Thobias akavua kofia, akaikunja. Angalia, ushindi ulikuwa umekaa mapajani mwangu, nilitakiwa nitulie tu.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia neno moja: ya pili. Ameniweka wa pili! Mbele ya mume wangu, mbele ya chama kizima, kile kisichana kinasoma kwa madaha kwamba mimi nilifuata.

"Muhtasari una makosa," nikasema.

"Mama Faraja," Luqmani akaniita polepole, "makosa gani tena?"

"Mpangilio! Yangu ndiyo yaliyopigiwa kura kwanza. Nilisimama, mkasikia wote. Huyu ananishusha makusudi."

Eufrazia akashika karatasi zake. "Shikamoo mama. Mimi nilifuata namba za karatasi zilivyofika mezani. Kama kura ilikwenda vingine..." Akasita, macho yakarudi kwenye mistari, nikamwona anahesabu kitu kichwani. Uso wake ukabadilika. "Mama, una hakika unataka turekebishe hapo?"

"Unanifundisha ninachotaka?"

"Hapana, mama. Nauliza tu. Tafadhali fikiri kidogo kwanza."

Ati nifikiri! Ningempa nafasi ya kuonekana mpole mbele ya Luqmani? "Mashahidi wapo," nikasema. "Mwaisha, sema. Severin, wewe ndiye mwenye hoja, sema."

Mwaisha akasema ndiyo, ya Lukuyu yalitangulia. Severin akasema ndiyo. Hata mzee Thobias akainua kichwa, taratibu sana, akasema anakumbuka vizuri, ya Mwanvita yalitangulia, yake yakafuata. Luqmani akamgeukia Eufrazia. Eufrazia akasema kweli, sasa anakumbuka, alikosea, na muhtasari lazima ueleze kura ilivyopigwa, si karatasi zilivyofika. Akafuta, akaandika. Nikaketi nimenyoosha shingo kama jogoo.

"Mwenyekiti," akasema Thobias, "naomba katibu atusomee hoja upya, kwa mpangilio huo."

Eufrazia akasoma bila kuniangalia. "Hoja ya awali: banda lijengwe Mlanda. Marekebisho ya kwanza, bibi Mwanvita: jina la mahali lifutwe, liwekwe Lukuyu. Yalipita, hoja ikawa Lukuyu. Marekebisho ya pili, ndugu Thobias: jina la mahali lifutwe, liwekwe Kibaoni." Akageuza karatasi. "Yalipita. Jina lililofutwa ni Lukuyu. Hoja kama ilivyorekebishwa ni Kibaoni."

Wa Kibaoni wakalipuka kwa makofi. Mimi nikasema ngoja, turudie kura. Luqmani akaniambia, sauti ya mwenyekiti kabisa, kwamba hapa tunathibitisha yaliyotokea tu, hatupigi kura upya. Anayetaka kubadili uamuzi atoe taarifa ya hoja mpya kwa mkutano mkuu ujao. Mkutano mkuu ujao! Mawe ya msingi yatakuwa yameshamwagwa Kibaoni.

"Wanaothibitisha muhtasari kama ulivyosahihishwa?" akauliza. Mikono ikapanda. Mwaisha naye alipandisha wake, ndiyo desturi yetu, huku ananitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Alikuuliza mara mbili," akaniambia tulipotoka. "Yule binti alitaka kutuokoa, Mwanvita. Ungemwacha."

"Alitaka kuonekana."

"Na nani? Na mumeo?" Mwaisha akajitwisha tenga lake tupu. "Mumeo hata hakumwangalia. Alikuwa anakuangalia wewe, anakukonyeza unyamaze."

 Nilikuwa nimemwona Luqmani akikonyeza, wallahi nilimwona. Nikadhani anamkonyeza Eufrazia.

Tukaanza kupanda, wanawake wa Lukuyu wote mbele, wamenipa mgongo. Kesho ni siku ya kabichi, na kutoka kwetu hadi Kibaoni ni mbali kuliko Mlanda.