Kazi Iliyobeba Jina la Ndunda

Ukimtafuta Ndunda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usihangaike kwenda mbali. Yuko nje ya stoo ya kampuni mjini Machakos, ameegemea pikipiki, macho kwenye simu, na akili, aa, hiyo akili iko vilimani huko ambako ukungu bado umelala. Ni fundi hodari wa pampu za sola, hilo hakuna wa kumnyima, ila ni mtu wa kuota mchana. Wenzake walimtania kwamba siku moja atajiteremsha kisimani yeye na kuiacha pampu juu.

Simu ya kila fundi ilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza iliitwa Kazi Zangu. Humo ziliingia kazi ambazo Nzisa, msimamizi wao, alimpa mtu kwa jina. Ikishaingia kwako ni yako, na haitoki mpaka Nzisa mwenyewe aihamishe. Orodha ya pili ilikuwa ya wote, na mafundi waliibandika jina la mwethya, kama ile kazi ya kijiji ya kuchimba mitaro, ambapo anayefika anashika jembe. Ukiitaka kazi ya mwethya unabonyeza Chukua. Papo hapo inatoweka kwenye simu za wenzako na kubeba jina lako, na mteja anapata ujumbe. Ukiona huiwezi unabonyeza Rudisha, wenzako waione tena. Ni rahisi hivyo, wala haihitaji shahada.

Mwaka mzima Ndunda hakuwa amepewa hata kazi moja kwa jina. Wesley alipewa. Ngina alipewa, tena wateja walipiga simu kumtaka yeye na si mwingine. Ndunda alikuwa wa mwethya tu. Ilimuuma, msidhani haikumuuma. Kila asubuhi alifungua Kazi Zangu kwanza, akakuta hakuna kitu, akaifunga taratibu.

Jumatano ile ya Oktoba, jua la kungoja mvua likiwa limeanza kuchokoza mabati, aliona kazi moja kwenye mwethya. Kathiani, kwa Kamanthe. Pampu haivuti. Niko na miche mia tatu ya pasheni, tangi limekauka tangu juzi, leo ndiyo mwisho, tafadhali. Ndunda alitabasamu. Aliijua barabara ile inavyopanda ikizungukazunguka, hewa inavyopoa, na harufu ya udongo wa mashamba kabla jua halijaukausha. Alijiona tayari yuko huko, miche imejipanga kivulini, maji yanaimba kwenye bomba. Akabonyeza Chukua.

Hata hajaiweka simu mfukoni, ikatetemeka. Kazi Zangu, moja. Lukenya, kwenye machimbo ya mawe. Ndunda aende sasa hivi. Nzisa.

Jamani! Alilisoma jina lake mara tatu. Akalisoma tena akiwa amevaa kofia ya pikipiki. Ile ya Kathiani? Ataifanya akirudi, saa tisa hivi, jua likiwa limelegea. Angeweza kubonyeza Rudisha na Wesley, aliyekuwa pale pale akifunga kamba za viatu, angeiona kabla ya kumaliza kiatu cha pili. Lakini kazi tamu kama ile hairudi ukishaiachia. Ndunda akawasha pikipiki.

Lukenya kulikuwa na vumbi jeupe lililoelea hewani na kukataa kutua. Mawe yalilia chini ya mashine, na katika mlio ule Ndunda alisikia kama watu wanaliita jina lake, Ndunda, Ndunda, akafanya kazi kwa raha ya ajabu. Pampu ilikuwa imekwama mita sitini chini. Waliivuta wanaume wanne, bomba baada ya bomba, na saa zikaenda zilivyotaka. Saa saba, akinywa maji kivulini, akapata ujumbe wa Wesley: Mwethya iko tupu kabisa. Leo tunakunywa chai tu, bwana.

Ndunda akafungua simu. Kathiani ilikuwa pale chini ya jina lake. Wesley anakaa Kathiani. Ni kwao, angefika akipiga mluzi. Kidole cha Ndunda kilisimama juu ya Rudisha. Akaona tena ile barabara, ule ubaridi, lile bomba linaloimba. Nitafika tu, akajiambia. Akaifunga simu. Na hapo, wasomaji wangu, mimi huwa natamani kumshika sikio.

Walimaliza giza likiingia. Alimtumia Nzisa habari, naye akajibu, Asante Ndunda, na Ndunda akalala na neno lile kama mtoto na mkate.

Alhamisi alifika Kathiani kabla ukungu haujaondoka. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiota: mlima, ubaridi, kitalu kilichoezekwa kwa majani makavu. Ila miche ilikuwa imelala. Karibu yote mia tatu, safu kwa safu, kila mmoja umeinamisha kichwa juu ya udongo mweupe wa ukavu, na majani yakiguswa yanavunjika. Ukingoni tu, karibu na mlango, kama ishirini ilikuwa imesimama, na udongo wake umelowa. Ndoo moja tupu ilikuwa kando.

Mama mmoja mwembamba alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso. "Wakya," akamsalimu.

"Aa," Ndunda akaitika. Akaongeza, akimwita mama kwa Kikamba: "Nimekuja kutengeneza pampu, Mwaitu."

Hakumuuliza jina. Alimpeleka tu. Shida ilikuwa ndogo hata aibu kuitaja: kiungo kimoja cha waya wa paneli kilikuwa kimelegea, kikaungua. Ndunda alizima umeme wa paneli, akakata, akafunga kipya, akawasha. Dakika kumi. Jua lilipotoboa ukungu, pampu ikaamka na maji yakaanza kuimba kwenye bomba, sawasawa na alivyoyasikia ndotoni. Alitamani yanyamaze.

"Asante, mwanangu," Kamanthe akasema. Alikuwa ameshika simu yake ndogo mkononi. "Sasa niambie ukweli, usinifiche. Yule mwenzako alipatwa na nini?"

"Mwenzangu yupi?"

"Ndunda." Akamwonyesha ujumbe. Kazi yako imechukuliwa na Ndunda. "Jana asubuhi majirani walikuja na ndoo, vijana watano, tuteke maji mtoni. Nikawaambia hapana, rudini kwenu, msijichoshe, Ndunda anakuja. Nikakaa pale njiani kutwa nzima. Kila pikipiki ikilia nasema, huyo ndiye Ndunda. Jioni nikachota ndoo moja peke yangu, miguu ikakataa."

Ndunda hakuweza kumtazama. Alitazama ile miche ishirini.

"Si kwa ajili ya miche nakuuliza," Kamanthe akaendelea. "Mtu hawezi kusema anakuja, jina lake likaandikwa, halafu asije bure. Hiyo barabara yetu ina kona mbaya. Usiku nimemuombea. Je, ako hospitali?"

Wesley. Angeweza kusema, mimi ni Wesley. Neno lilifika mpaka kwenye meno, na maji yaliendelea kuimba nyuma yake. Mwaka mzima alikuwa ametamani mtu amwite kwa jina, na kumbe jana kutwa nzima lilikuwa likiitwa hapa, kando ya njia, na hakuwepo wa kuitika.

"Mwaitu," akasema, "Ndunda ni mimi."

Kamanthe alimsogelea. Akamtazama miguu, akamtazama mikono yote miwili, akamgeuza bega kidogo kuangalia mgongo, kama anayetafuta jeraha.

"Kumbe uko mzima," akasema.